Mtoto anaonewa shuleni: Barua pepe ya kumfikia Mwalimu Mkuu kabla ya Jumanne

MTOTO anayeonewa shuleni mara nyingi hasemi. Anaumwa tumbo. Anapoteza kalamu, daftari, kiatu kimoja. Anaomba shilingi mia mbili ya muhogo kila asubuhi na bado anarudi na njaa. Mzazi anagombeza uzembe, na wiki zinapita.

Chukulia mfano wa baba mmoja anayefanya kazi Masasi, ambaye mwanawe wa Darasa la Tano anaishi na bibi yake katika kijiji cha bonde la Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Ni mpangilio wa familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa: mzazi anafuata kazi, mtoto anabaki na bibi, fedha za matumizi zinatumwa kwa simu. Jumamosi moja jioni bibi anapiga simu. "Baba, huyu mjukuu wangu siku za maji haendi shule. Anaondoka na sare na dumu lake, anashinda chini ya mikorosho mpaka wenzake watoke."

Siku za maji ni Jumanne na Alhamisi. Kiangazi kikiingia, wanafunzi wa shule hiyo hutumwa kisimani kuteka maji ya shule. Baada ya kubembelezwa sana, mtoto anamweleza bibi kwamba wavulana watatu wa Darasa la Saba wanambebesha madumu yao, wanamnyang'anya hela, na akikataa wanamsukuma kwenye matope na kumwita jina la kudhalilisha ambalo sasa darasa zima linalijua.

Usiku huohuo baba anaandika rasimu ya kwanza kwenye simu. Inasema hivi: "Mwalimu, shule yako imekuwa kijiwe cha wahuni. Mwanangu anateswa kila siku na walimu mnaangalia tu. Nataka hao watoto wachapwe mbele ya mstarini na wafukuzwe, la sivyo tutakutana mahakamani."

Hasira hiyo inaeleweka. Lakini ukiisoma rasimu hiyo kwa macho ya Mwalimu Mkuu, hakuna kitu cha kushika. Mtoto yupi, wa mkondo gani? "Kila siku" ni lini? Walimu gani waliangalia? Mwalimu akiamua kujitetea, atajibu neno moja tu lililozidishwa, "kila siku", na kwa kuwa uonevu haukutokea kila siku, barua nzima itaonekana ni ya uongo. Pia kuna ombi ambalo hawezi kulitimiza kwa namna hiyo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaitaka adhabu hiyo itolewe kwa makosa makubwa, na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyempa idhini, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Kumchapa mtoto mstarini ili mzazi wa mwenzake aridhike hakumo. Zaidi ya hapo, mkubwa akichapwa hadharani kwa sababu ya mdogo, hatari inahamia njiani, saa za kurudi nyumbani, ambako hakuna mwalimu.

Kabla ya kuandika tena, baba anahitaji kujua jambo moja: huu ni ugomvi au ni uonevu? Mtafiti Dan Olweus, ambaye kazi yake ndiyo iliyotumika Norway katika kampeni ya kitaifa mwaka 1983 baada ya vijana watatu kujiua, aliuweka uonevu kwenye vigezo vitatu. Kitendo kinakusudiwa kumuumiza mtu, kinajirudia, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayemtenda. Watoto wawili wa Darasa la Tano wakipigana kwa sababu ya mpira wa makaratasi, huo ni ugomvi. Watatu wa Darasa la Saba wakimngoja mmoja wa Darasa la Tano kwenye njia ya kisima, Jumanne na Alhamisi, huo ni uonevu. Barua haina haja ya kutumia neno hilo mara kumi. Inatosha ioneshe mambo hayo matatu, na Mwalimu Mkuu ataliona mwenyewe.

Kujirudia kunaonekana kwa tarehe, na hapa ndipo kazi kubwa ya barua hii ilipo. Jumapili asubuhi baba anampigia bibi tena, safari hii akiwa na kalenda na daftari. Bibi hakumbuki tarehe, lakini anakumbuka mambo: siku aliyorudi na shati la matope ilikuwa siku ya mnada, siku aliyodai anaumwa tumbo ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto wa jirani. Kutoka hapo tarehe zinapatikana moja baada ya nyingine. Mtoto naye anaulizwa, bila kuharakishwa na bila kuwekewa maneno mdomoni. Swali zuri ni "Ulipofika kisimani ikawaje?" Swali baya ni "Walikupiga, si ndiyo?" kwa sababu mtoto aliyechoka kuulizwa atasema ndiyo kwa kila kitu, na kesho mbele ya mwalimu maelezo yatabadilika.

Zikipangwa, tarehe hizo zinaonesha kitu ambacho bibi, baba na hata mwalimu wa darasa hawakuwa wamekiona. Kati ya Julai 15 na Julai 31 kulikuwa na siku sita za maji. Mtoto alikwenda shule siku tatu kati ya hizo, na siku zote tatu alionewa. Siku tatu zilizobaki hakwenda. Hakukosa Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa hata moja.

Hapo barua inaweza kuandikwa. Kwa nini barua pepe, wakati simu ya Mwalimu Mkuu inajulikana na wengi wamezoea WhatsApp? Simu haibaki, wiki mbili baadaye kila mtu anakumbuka lake. Ujumbe wa WhatsApp unabaki, ila unasomwa katikati ya salamu na picha za harusi, na kwa kidole kimoja unaweza kuhamia kwenye kundi la wazazi. Barua pepe ina tarehe na saa, inaweza kuchapishwa na kuingizwa kwenye faili la shule, na mzazi anabaki na nakala yake. Shule isiyotumia barua pepe ipelekewe maneno hayohayo kwenye karatasi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani.

Jambo dogo la anwani: shule ya msingi inaongozwa na Mwalimu Mkuu, ya sekondari na Mkuu wa Shule. Barua iliyokosea cheo haitakataliwa, lakini inaanza kwa mguu mbaya. Na ile desturi ya "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" inaweza kuachwa bila hasara yoyote, maana simu ya mpokeaji huonesha mistari michache tu ya mwanzo. Mistari hiyo ni bora ibebe ombi lenyewe.

Hii ndiyo rasimu ya pili ya yule baba:

"YAH: OMBI LA KIKAO CHA HARAKA KUHUSU USALAMA WA MWANAFUNZI WA DARASA LA TANO B

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mwalimu Mkuu, salaam.

Mimi ni baba wa mwanafunzi aliyetajwa mwishoni mwa barua hii, wa Darasa la Tano B, anayeishi na bibi yake hapo kijijini. Naomba kikao nawe Jumanne tarehe 5 au Jumatano tarehe 6 Agosti, saa yoyote utakayopanga, kwa sababu mwanangu anaonewa na wanafunzi wakubwa siku za kuteka maji na sasa ameanza kukosa shule.

Mambo tunayoyajua hadi leo ni haya. Jumanne 15 Julai, wakati wa kwenda kisimani, mtoto anasema wanafunzi watatu wa Darasa la Saba walimbebesha madumu yao na kumnyang'anya shilingi 200. Alhamisi 24 Julai anasema alikataa kubeba na akasukumwa. Siku hiyo bibi yake alimwona akirudi na shati lililojaa matope na mchubuko kwenye kiwiko cha kushoto. Jumanne 29 Julai anasema walichukua tena fedha na kumwita jina la kumdhalilisha mbele ya wenzake. Wapo wanafunzi wawili anaosema walikuwapo.

Alhamisi 17 Julai, Jumanne 22 Julai na Alhamisi 31 Julai hakufika shuleni, ingawa aliondoka nyumbani na sare. Zote ni siku za maji. Naomba tulinganishe na daftari la mahudhurio.

Ijumaa 25 Julai bibi yake alizungumza na mwalimu wa darasa, ambaye aliahidi kufuatilia. Tunamshukuru. Tukio la tarehe 29 lilitokea baada ya mazungumzo hayo, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Sijasikia upande wa wanafunzi wengine, na huenda yapo nisiyoyajua. Majina yao nitakupa ana kwa ana.

Wakati tukisubiri kikao, naomba kuanzia Jumanne tarehe 5 mwanangu asiende kisimani, au aende na kurudi akiwa na mwalimu wa zamu. Katika kikao ningependa tuzungumze namna shule itakavyochunguza, namna atakavyokuwa salama kisimani na njiani, na nani atampa bibi yake taarifa.

Nitasafiri kutoka Masasi, hivyo nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Bibi yake anaweza kufika shuleni wakati wowote.

Ahsante, Mwalimu."

Chini yake kuna jina la mtoto, jina la baba, namba yake ya simu na ya bibi. Basi.

Angalia maneno mawili yaliyomo humo: "anasema" na "alimwona". Baba hakuwa kisimani, wala bibi hakuwapo. Kilichosemwa na mtoto kimeandikwa kama kilichosemwa na mtoto, na kilichoonwa na bibi kimeandikwa kama kilichoonwa. Tofauti hiyo haimwiti mtoto mwongo. Inamlinda, maana ikitokea tarehe moja imekosewa, kinachoanguka ni tarehe hiyo moja na barua inabaki imesimama. Daftari la mahudhurio nalo ni shahidi ambaye si wa familia. Limeandikwa na shule yenyewe.

Majina ya wale wavulana watatu hayamo. Barua pepe husafiri: Mwalimu Mkuu anaweza kuipeleka kwa mwalimu wa malezi, kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ikachapishwa kwenye duka la stesheneri ambapo kijana wa kompyuta ni kaka wa mmoja wao. Nao ni watoto, na jambo bado halijachunguzwa. Kwa sababu hiyohiyo picha ya mchubuko haikuambatishwa. Imepigwa, imebaki kwenye simu ya bibi pamoja na tarehe yake, na itaoneshwa ofisini.

Ombi la kutokwenda kisimani ndilo lenye uzito kuliko yote. Uchunguzi unaweza kuchukua wiki. Jumanne inafika keshokutwa. Mzazi akiomba kikao peke yake, mtoto atapita njia ileile mara mbili kabla watu wazima hawajakaa mezani. Ombi hilo pia ni rahisi kwa shule: halimhukumu mtu, halihitaji fedha, na mwalimu wa zamu yupo tayari kwenye ratiba.

Nakala haikwenda kwa Afisa Elimu. Wengi hupenda kuweka majina ya wakubwa wote kwenye nakala ili Mwalimu Mkuu "ashtuke". Hushtuka kweli, kisha huandika majibu ya kumridhisha Afisa Elimu, na mtoto anabaki pembeni. Ngazi hiyo ipo na ina wakati wake. Barua ikitumwa Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo Mwalimu, jana nimekutumia barua pepe ya haraka kuhusu mwanangu wa Darasa la Tano B." Pengine mwalimu hafungui barua pepe mpaka apate mtandao mjini. Kama hadi Jumanne mchana hakuna jibu, bibi afike ofisini na nakala iliyochapishwa. Kukiwa kimya hata baada ya hapo, barua ileile, bila kuongezwa ukali, inapelekwa kwa Afisa Elimu Kata, na ikibidi kwa Afisa Elimu wa halmashauri anayesimamia shule za msingi. Afisa ustawi wa jamii naye anahusika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya eneo lake, kwa hiyo mzazi anayepanda ngazi hafanyi utovu wa adabu.

Kuna mambo ambayo hayasubiri barua wala kikao. Mtoto akiwa na jeraha kubwa, au kukiwa na dalili yoyote ya kuingiliwa kimwili, anapelekwa hospitali na polisi siku hiyohiyo, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako fomu ya PF3 hutolewa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Siku ya kikao baba anaingia na mambo matatu aliyoyaandika, si zaidi. Mwalimu Mkuu ana haki ya kusema kwamba anahitaji kuwasikiliza wale wengine kwanza, na hatalazimika kumweleza adhabu watakayopewa watoto wa watu. Hilo lisichukuliwe kuwa ni kuficha. Huenda pia ikagundulika kwamba mtoto wake alitukana siku moja, au kwamba wale wakubwa nao walibebeshwa madumu walipokuwa Darasa la Tano na wanaona ni zamu yao. Likitokea hili la pili, tatizo ni utaratibu wa maji wenyewe, na suluhisho ni kupanga madarasa yateke kwa zamu tofauti.

Njia moja ya mkato ya kuangalia ni ile ya kuwaita watoto wote wanne, kuwasimamisha mbele ya meza na kuwaambia "peaneni mikono, yaishe". Kwa ugomvi wa watu wa kimo kimoja, inafaa. Kwa uonevu, mtoto mdogo anatoka ofisini akiwa amesema hadharani kwamba ameridhika, na wale watatu wanajua nani aliwasema. Baba anaweza kukataa kwa upole: "Mwalimu, ningeomba kila mmoja asikilizwe peke yake."

Jioni ya siku hiyo inatumwa barua pepe ya pili, fupi kuliko ya kwanza. "Ahsante kwa kikao cha leo. Nilivyoelewa, tumekubaliana kwamba mwalimu wa zamu ataongozana na wanafunzi kisimani Jumanne na Alhamisi, mwalimu wa malezi atazungumza na mwanangu mara moja kwa wiki, na tutawasiliana tena Ijumaa tarehe 15 Agosti. Kama nimekosea mahali, tafadhali nirekebishe." Wazazi wengi huiacha hii, wakidhani kikao kimemaliza kazi. Lakini makubaliano ya mdomo yanategemea kumbukumbu ya mwalimu mwenye wanafunzi mamia, na akihamishiwa Liwale mwezi ujao, anayekuja hatakuwa na pa kuanzia.

Matokeo hayataonekana kwa kumuuliza mtoto kila jioni kama ameonewa, maana naye atachoka na kuanza kujibu "hapana" ili aachwe. Yataonekana kwenye daftari lilelile la mahudhurio, safu za Jumanne na Alhamisi, wiki ya pili na ya tatu. Yataonekana pia kwa bibi: kama ile shilingi mia mbili inarudi ikiwa imeliwa muhogo, na kama dumu linaondoka nyumbani asubuhi bila tumbo kuuma.